Jua la Jioni kwenye Picha ya Saa Sita

Mama yangu alivunjika mguu siku ya Jumanne, na kufikia Ijumaa alikuwa ameniapisha mara tatu kwamba sitamwambia mdogo wake. Aliteleza akipokea beseni la ndagala, dagaa wa ziwa letu, kutoka kwenye mtumbwi, pale kijijini kwetu Minago, kwenye ufukwe ule ule anaoanikia tangu turudi kutoka Tanzania. Beseni halikumwagika. Hilo ndilo jambo la kwanza alilotusimulia hospitalini, kwamba beseni halikumwagika, wakati mfupa wa chini ya goti ulikuwa umekatika vipande viwili. Wakamfunga plasta hadi juu ya goti, wakamwambia alale wiki sita. Mama hajawahi kulala hata siku sita.

Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, alibaki Tanzania. Aliolewa na mtu wa huko karibu na Kasulu tulipokuwa wakimbizi, na familia yetu ilipopanda magari ya kurudi nyumbani yeye alisimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, akakataa hata kushika mkono wa dada yake. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kusikia na kuelewa. Alisema, "Nenda. Lakini ukivunjika huko, usiniite." Mama akamjibu, "Sitakuita." Hayo ndiyo yaliyokuwa maagano yao, na tangu siku ile ilipita miaka kumi na mitatu bila kuonana. Walipigiana simu sikukuu na misiba, maneno machache, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kulainika.

Mwaka jana mume wa mama mdogo alifariki. Tangu hapo Mama alikuwa na neno moja tu moyoni: mdogo wake aje. Hata kwa wiki moja, aje waketi pamoja. Ila alitaka aje kwa kupenda mwenyewe. Kumwita hakutaka, na kumwonyesha mguu uliovunjika kulikuwa ni kumwita. "Akuje juu ananipenda," alikuwa akisema, "asikuje juu ananihurumia." Mimi niliona huo ni ukaidi mtupu, na nilimwambia hivyo, akanigeuzia uso ukutani.

Ijumaa hiyo, asubuhi, mama mdogo alipiga simu. Mama alinisimulia baadaye neno kwa neno. Aliulizwa, "Mbona sauti yako imelala?" Akasema amechoka. Akaambiwa, "Hebu simama." Akasema, "Nimesimama." Mdogo wake akasema: "Basi nitumie picha. Leo jioni, umesimama pale ufukweni, jua likiwa limekaa juu ya milima ya Congo, kama tulivyokuwa tukisimama wasichana. Usinitumie ya zamani. Zile zako zote umepigwa saa sita, macho yako yamekuwa mashimo."

Dakika tano baadaye Mama alikuwa amenipigia mimi. "Leta ordinatere yako," alisema, yaani kompyuta yangu ya kazi. "Na usichelewe."

Mimi nina chumba kidogo cha picha Rumonge, karibu na soko. Napiga picha za vitambulisho, za ubatizo, za ndoa, nachapisha kadi za mialiko, na zaidi ya yote nasafisha picha za watu. Watu wanataka kuwa weupe kidogo, wembamba kidogo, wanataka kusimama mbele ya magorofa ambayo hawajawahi kuyaona. Nawafanyia, huku nikikunja uso. Wateja wangu wanajua kwamba nina kisirani, wanakuja hivyo hivyo kwa sababu kazi yangu haina michirizi. Lakini tangu nilipofungua chumba kile nilikuwa nimejiapia jambo moja: harufu ya ndagala siirudii. Nilianika ndagala tangu tuliporudi hadi nilipopata pesa ya kununua kamera, nikiwafukuza kunguru na mbwa, na siku nilipoondoka Minago nilichoma nguo zangu za kazi.

Nilifunga chumba, nikapanda pikipiki, ordinatere nimeikumbatia ndani ya koti. Nilifika Minago saa saba ya mchana. Ziwa lilikuwa limefunikwa na mawingu ya kijivu, milima ya ng'ambo haionekani kabisa. Jioni ile jua lisingeonekana, hilo lilikuwa wazi hata kwa kipofu, kwa hiyo hata kama ningetaka kupiga ufukwe mtupu jioni na kumbandika Mama juu yake, nisingepata mwanga wa kubandikia. Kilichobaki ni kuchukua mchana na kuugeuza jioni.

Mama alikuwa ameegemezwa mito mitatu, mguu umelala mbele yake kama mgeni asiyetaka kuondoka. "Iko ile picha ulinipiga kabla ya mvua," alisema. "Ile nimesimama na mikono kiunoni."

Niliikumbuka. Nilikuwa nimeipiga miezi miwili nyuma, nilipopita kumletea sukari. Amesimama kwenye mchanga, ziwa liko nyuma yake na upande wa kulia kwa anayetazama, mtumbwi mmoja umevutwa juu, na mbele ya miguu yake, hadi ukingo wa chini wa picha, ndagala zimetandazwa juu ya nyavu kuukuu. Ilikuwa saa sita kamili. Kwetu saa sita jua liko juu ya utosi, halina upande. Linachimba vivuli chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya kidevu. Kivuli cha mwili mzima kimekuwa doa dogo chini ya nyayo. Mchanga umekuwa mweupe hadi unaumiza, maji ni ya buluu kali, na kilemba cha Mama kimeungua juu kama karatasi. Mama mdogo alikuwa amesema kweli, macho yalikuwa mashimo.

Niliweka mashine juu ya kitanda, kando ya mguu wake, nikaanza.

Kwanza nilifanya kile ambacho kila mjinga anafanya. Kuna kitufe cha kuvuta picha kutoka ubaridi kwenda ujoto, na mimi kwa haraka yangu nilikivuta karibu hadi mwisho. Picha nzima ikawa ya rangi ya chungwa: uso, mchanga, ziwa, hata weupe wa macho.

Mama alitazama. "Umenipaka mawese," alisema.

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Jioni haifanyi kila kitu kiwe cha manjano. Jua linapokuwa chini linapasha moto kile linachokigusa tu, na kile lisichokigusa kinabaki na ubaridi wa mbingu, karibu na zambarau. Ukipasha vyote kwa kipimo kimoja unapata mtu aliyetumbukia kwenye pipa la mafuta. Nilifuta yote nikaanza upya, safari hii kwa mpango.

Nilianza kwa kuua saa sita. Nikashusha mwanga mkali wa mchanga na wa kilemba, nikapunguza ukali wote wa picha, kisha kwa brashi laini nikainua vile vivuli vya chini ya nyusi na kidevu, polepole, mguso juu ya mguso, hadi macho ya Mama yakatoka mashimoni. Nikafuta lile doa la kivuli chini ya nyayo. Kwa dakika chache alikuwa amesimama mahali ambapo hakuna saa yoyote, uso mwororo, wa kijivu kijivu. Alionekana amechoka sana. Niligundua kwamba nilikuwa sijamtazama usoni kwa muda mrefu hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Baada ya hapo ilikuwa kumkata. Kwenye kazi yetu tunaita maski: ni kama karatasi unayoilaza juu ya picha, palipo peupe rangi inapita, palipo peusi rangi inazuiwa. Mashine inaweza kukukatia mtu yenyewe, lakini mashine haijui kilemba kinaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Nilipita ukingo wote kwa mkono, kilemba, sikio, bega, mkunjo wa kitenge, nafasi mbili za pembetatu kati ya viwiko na kiuno. Sasa nilikuwa na Mama upande mmoja na dunia upande mwingine, na ningeweza kuwapaka tofauti.

Nikaipaka dunia. Nilichukua rangi inayoanza kwa nguvu upande mmoja na kufifia hadi kuisha upande wa pili, chungwa lenye wekundu kidogo, nikaianzisha upande wa kushoto wa picha na kuififisha kuelekea kulia. Nilichagua kushoto kwa sababu uso wa Mama ulikuwa umeelekea huko kidogo, na uso ukipata mwanga unapendeza.

"Sasa weye," Mama alisema, "hiyo jua iko inatoka wapi?"

"Kushoto."

"Kushoto iko nini?"

Nilitazama. Kushoto, nje kidogo ya picha, ni barabara ya lami na michikichi, na nyuma ya michikichi ni vilima. Kwetu jua la vilimani ni jua la asubuhi, na hata hilo linachelewa. Jioni yote inatoka ziwani, kutoka Congo. Mtoto wa miaka minne wa Minago anajua hilo, na mimi mtu mzima mwenye chumba changu cha kazi nilikuwa nimemletea mama yangu jua la jioni kutoka barabarani.

"Mutu wa Baraka ndiye angekubali picha hiyo," Mama akaongeza. Baraka iko ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Congo, huko jua linachomoka majini. Alicheka peke yake, kisha akashika paja kwa maumivu.

Nikahamisha jua kulia. Nikalaza rangi ya kwanza kuanzia pale maji yanapokutana na mbingu, chungwa, ikififia kuelekea juu na kuelekea kushoto. Nikaweka duara laini la manjano hafifu kwenye ukingo wa kulia, pale jua lenyewe lingekuwa, lisilo na mpaka. Juu kabisa nikalaza buluu nzito inayofifia ikishuka, ili mbingu iwe na kina. Kwenye maji nikachora njia nyembamba ya mng'ao, imekatika katika, kutoka chini ya lile duara hadi karibu na mtumbwi. Kila nilipoweka rangi nilirudi kuipunguza nusu. Ukiiona rangi yenyewe, ujue umeizidisha.

Lakini jua likiwa nyuma ya mtu, uso wake hauwezi kung'aa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanabandika machweo nyuma ya mtu aliyewashwa kama taa. Ilinibidi nimtie Mama kivulini. Nikamshusha, nikamwachia mwanga kidogo wa mchanga unaorudi kutoka chini, nikampasha joto kidogo tu. Akawa wa kahawia iliyotulia, akaanza kuzama nyuma. Kinachomtoa mtu katika hali hiyo ni ule uzi wa mwanga kwenye ukingo wa mwili, upande wa jua.

Nikafungua tabaka jipya juu ya yote, nikaliamuru liongeze mwanga tu bila kufunika kilicho chini, nikalizuia kwa ile maski ili rangi isimwagike nje ya mwili. Nikachukua manjano ya siagi na brashi nyembamba, nikazungusha uzi kuanzia kilemba, bega, kiwiko, nyonga, mguu, nikarudi upande wa pili.

"Huyu ni mutakatifu wa kalendari," alisema Mama.

"Mama, niache nifanye kazi!"

"Fanya. Minasema tu."

Nilitoka nje nikasimama uani. Nilikuwa nimefika mwisho wa subira yangu: kwa mashine, kwa mama mdogo na miaka yake kumi na mitatu, kwa huyu mwanamke mwenye plasta aliyekuwa akinifundisha kazi yangu akiwa amelala. Jirani alikuwa akikusanya muhogo uliolowekwa, aliponisalimia "amahoro" nilimjibu kama mtu anayefukuza kuku. Nilijisikia vibaya pale pale. Nikamwomba radhi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikamtazama. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo upande wa ziwa, si jua, mwanga tu, na nikaona kwamba ukingo wa mwili wake uling'aa pale tu palipogeukia ziwa: sikio, mgongo wa mkono, upande mmoja wa shingo. Palipoanza kugeuka kwenda kwangu, uzi ulififia, na upande wa pili haukuwapo kabisa.

Nilirudi ndani, nikafuta uzi wote wa kushoto. Wa kulia nikaukata vipande: mnene begani panapolitazama jua moja kwa moja, mwembamba kwenye shavu, hakuna kabisa chini ya mkono. Kwenye kilemba nikaacha nyuzi chache za kitambaa ziwake zenyewe. Nikafanya hivyo hivyo kwa mtumbwi, mdomo wake wa kulia tu. Kisha nikatengeneza kivuli. Nilichukua umbo la Mama, nikalilaza chini kuanzia nyayo, nikalinyosha kuja kwa anayetazama na kushoto kidogo, nikalijaza zambarau ya giza, nikalififisha kadiri lilivyoenda mbali na miguu. Kikawa kirefu kuliko yeye.

Nikaegemea nyuma. Ilikuwa jioni. Nasema kweli, nilipata furaha ambayo chumba changu hakijawahi kunipa. Mama yangu alikuwa amesimama Minago saa kumi na mbili kasoro, mzima, mikono kiunoni, na kilemba chake kilikuwa kinawaka upande mmoja.

Zilikuwa zimebaki ndagala. Zilikuwa mbele kabisa ya picha, bado za fedha kali, za saa sita. Hapo nilijiachia. Nikazikuza hadi zikajaza kioo, nikaenda moja moja zile za mbele, nikaipa kila moja mgongo wa dhahabu upande wa kulia na kivuli chembamba upande wa kushoto. Zile za nyuma nikazipaka kwa pamoja, kwa brashi ya chembechembe. Nilitumia karibu saa nzima. Nilikuwa nimezichukia ndagala maisha yangu yote, na alasiri ile nilizipamba kama maharusi. Mama alikuwa amenyamaza. Nilidhani amesinzia.

Saa kumi na moja na nusu nilimgeuzia mashine. "Tazama."

Alitazama kwa muda mrefu. Aliomba miwani yake nikampa. Aliisogelea, akairudisha mbali, akaisogelea tena. Kidole chake kilipita juu ya kioo bila kukigusa, kutoka kilemba, bega, kikashuka mkononi, kikafuata kile kivuli hadi chini kabisa ya picha, kikasimama hapo. Nilingoja aniambie kosa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Tuma," alisema.

"Hakuna kosa?"

"Tuma, mwanangu. Murakoze, asante."

Tulisubiri hadi saa kumi na mbili na robo ili saa ya kutuma ikubaliane na picha, nikaituma. Alama mbili zikaja, kisha zikabadilika rangi. Mama mdogo ameiona. Hakujibu. Mama alivua miwani, akasema sasa anaweza kula, na kweli alikula ugali wote. Mimi nililala pale pale Minago, nikijipongeza.

Simu ililia asubuhi, nikiwa kisimani. Ilikuwa yangu, siyo ya Mama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Ile picha umeipiga wewe?"

"Ndiyo."

"Jana jioni?"

"Jana jioni." Nilisema hivyo bila kupepesa, na moyoni nilikuwa bado najivunia.

"Jua linazama."

"Linazama, ndiyo. Umeipenda?"

"Nzuri sana. Sijaona picha nzuri kama hiyo." Kisha akauliza, "Na ndagala ziko chini?"

Sikuelewa kwa sekunde moja. Ya pili nilielewa, na ndoo ilinitoka mkononi.

Ndagala zinakusanywa saa kumi, zikichelewa sana saa kumi na moja, kabla umande haujashuka, kabla upepo wa ziwa haujaleta unyevu na kuzirudisha ubichi. Jua linapokaribia milima nyavu zimeshakunjwa, ufukwe ni mtupu, wanawake wako njiani na mabeseni vichwani. Ndagala zikiwa bado zimetandazwa saa kumi na mbili, kazi ya siku nzima imeoza, na mwenye hizo ndagala si mzima. Nilijua hayo kabla sijajua kushika kamera. Nilikuwa nimezikusanya mimi mwenyewe jioni zisizohesabika, nikilia kwa uvivu, na Mama akinihimiza jua linaanguka, jua linaanguka. Na nilikuwa nimekaa saa nzima nikizipa kila moja dhahabu ya saa ambayo hazipaswi kuwepo.

"Mimi na dada yangu tumeanika wote," mama mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hata siku Mama yetu anazikwa, dada yangu alitoka makaburini akakusanya ndagala kwanza. Hawezi kuziacha. Kama ameziacha, kuna jambo. Ana nini?"

Niliapishwa mara tatu. Nilitaka kusema ni mzima, na sikuweza, nilianza kulia pale kisimani mbele za watu, mimi ninayewagombeza wateja.

"Basi, usiseme," alisema. "Nimeshaelewa. Usimwambie kwamba nimepiga."

Nikakaa na siri mbili, moja ya kila dada, na nikawachukia wote wawili kwa siku tatu. Mama kila alfajiri aliuliza kama kuna jibu la picha. Nilisema hakuna. Akasema, "Labda simu yake haina moto," yaani haina chaji.

Siku ya nne, kama saa tano, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Mama mdogo alikuwa amepita Manyovu, akalala Mabanda kwa mtu wa kanisa, akapanda gari hadi Nyanza-Lac na lingine hadi Rumonge, kisha pikipiki hadi kwetu. Alikuwa na mfuko mmoja na kuku wawili waliofungwa miguu. Alikuwa amezeeka, amekuwa mwembamba, na anatembea kama Mama, anatanguliza bega. Hakunisalimia. Aliingia moja kwa moja chumbani, nikamfuata nikijua kwamba nitauawa na mmoja wao.

Alisimama mlangoni akitazama ile plasta.

"Hapo ndipo unaposimama," alisema.

Mikono ya Mama ilikuwa ikinyoosha shuka ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Miaka kumi na mitatu," mama mdogo alisema, "halafu unanitumia picha ya uongo."

"Mimi sijakuita," Mama alisema.

"Najua hujaniita. Sogea huko."

Mama akasogea, kwa kujiburuta, akikunja uso. Mdogo wake akavua viatu, akapanda kitandani na vumbi lake la safari, akalala upande wa ukutani, na wakaanza kulia, kwa sauti, kama watoto waliopigwa. Niliwaacha. Nilienda nje kuwafungua kuku, na mimi pia nililia, sitaficha, lakini kilio changu kilikuwa cha nafuu.

Alikaa wiki ile, na iliyofuata. Sasa hivi ninapoandika bado yuko, anasema anangoja plasta itolewe, na jana nilimsikia akimuuliza jirani kiwanja kile cha juu ya barabara ni cha nani. Kila mchana anashuka ufukweni kuanika, Mama akimpigia kelele kutoka dirishani jinsi ya kutandaza, naye akimjibu kwamba alizijua ndagala kabla Mama hajajua kufunga kilemba. Mimi nakuja Minago kila Jumapili, na wiki iliyopita nilivua viatu nikawasaidia kukusanya. Harufu ni ile ile. Nimeivumilia.

Jambo moja lilikuwa likinisumbua. Jumapili hiyo, mama mdogo akiwa ufukweni, nilikaa kando ya kitanda nikamwomba Mama msamaha kwa lile kosa. Nikamwambia nilikuwa nimetazama mwanga tu, sikutazama kitu chenyewe. Nikamwambia nashangaa tu kwamba yeye, aliyeona jua limetoka upande wa barabara, yeye aliyeona mawese na mtakatifu wa kalenda, hakuziona ndagala.

"Niliziona," alisema.

"Lini?"

"Tangu ulipoanza kuzipaka. Nilikuwa macho."

"Na hukusema?"

Mama alitazama dirishani, kule mdogo wake alikokuwa ameinama juu ya nyavu. Ilikuwa saa kumi imepita kidogo na beseni la kwanza lilikuwa limeshajaa.

"Ningesema," alijibu, "ungezitoa."